Uso Aliotutengenezea Fundi

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kahororo, Bukoba, na kazi hii imeniharibu. Nimesahihisha madaftari mengi mno. Nikiona majibu mawili yanayofanana, hata kosa likiwa moja, najua kuna aliyemchungulia mwenzake. Kwa hiyo siku baba mdogo alipofunua picha ya marehemu baba yetu mbele ya ukoo, na watu wote wakashika vinywa kwa mshangao, mimi sikushika mdomo. Niliangalia picha, nikamwangalia yule mgeni aliyekaa kwenye mkeka karibu na mlango, kisha nikarudi kwenye picha. Moyoni nikasema: hapa kuna aliyechungulia.

Yule mgeni alikuwa amekuja huku kwetu Muleba kutoka visiwa vya ziwani, miezi michache kabla. Ni mchuuzi wa dagaa, mtu mzima, mdogo kwangu kidogo, mrefu, mwenye macho yaliyolegea kama ya mtu aliyekatishwa usingizi. Alimwendea baba mdogo, si mama, akajieleza kwamba mama yake aliishi kisiwani, kwamba baba yetu alikuwa akienda huko kununua samaki, na kwamba yeye ni mtoto wake. Ushahidi hakuwa nao. Mama yake alishafariki.

Nilimuuliza siku ile ya kwanza, bila kumzungusha, anataka nini.

"Sitaki kitu, dada," alisema. "Nina binti yuko darasa la tatu. Anaulizwa ukoo wake, anakuja kuniuliza mimi. Nimjibu nini?"

Nikamwambia watu wasiotaka kitu ndio nawaogopa zaidi. Alitazama migomba nyuma ya nyumba, na mimi nikahesabu hayo kuwa kosa lake la pili, kwa sababu migomba ile ni kibanja cha baba, shamba lake, na mtu asiyetaka kitu anatazama nini?

Ukoo ulikuwa umeamua kujengea kaburi la baba upya. Lilikuwa udongo tu na mawe, miaka yote hiyo, na baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alisema ni aibu. Litajengwa kwa saruji, liwekwe kigae chenye picha ya marehemu, na chini ya picha yaandikwe majina ya watoto wake. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mimi na dada yangu aliyeolewa Mwanza tulijulikana. Swali lilikuwa kama jina la huyu wa kisiwani litaandikwa au hapana. Likishaandikwa kwenye kigae, limeandikwa. Binti yake atakuwa na ukoo, na yeye atakuwa na haki ya kukaa kwenye nyasi zinazotandikwa ndani ya nyumba ile kama mwenyeji. Lisipoandikwa, angerudi kisiwani kama alivyokuja.

Baba mdogo alikuwa na huruma lakini hakuwa na uhakika. Mama alikuwa hajasema neno. Ni mjane wa miaka mingi, anaongea kidogo, na katika vikao vya ukoo wanaume huongea kwanza mpaka muda unakwisha.

Shida nyingine ilikuwa picha yenyewe. Baba alikufa nikiwa mdogo sana. Nakumbuka harufu ya samaki wakavu kwenye koti lake na sauti ya kengele ya baiskeli. Uso wake siukumbuki hata kidogo. Albamu ya nyumbani ililiwa na mchwa pamoja na sanduku. Ikabaki picha moja tu, ya harusi ya shangazi. Watu wamejipanga mbele ya kanisa, na baba yuko pembeni nyuma, ameshika baiskeli kama mtu aliyepita njia akaitwa. Picha hiyo iko kwa shangazi, Kitendaguro. Sisi tulikuwa nayo kwenye simu tu. Binamu mmoja aliipiga picha ikiwa bado ndani ya fremu yenye kioo, akaituma kwenye kundi la ukoo. Mwingine akaipiga skrinshoti. Mwingine akakata watu wote akabakiza kichwa cha baba, akaituma tena. Kilichonifikia mimi kilikuwa miraba. Ukiitazama kwa mbali unasema ni mtu. Ukiisogeza karibu unaona vigae vidogo vya kahawia na kijivu.

Basi kutoka miraba hiyo ndipo ilipotoka ile picha aliyofunua baba mdogo.

Ilikuwa kubwa, kwenye fremu ya dhahabu. Mwanaume wa makamo, ngozi laini, kila unywele wa nyusi unaonekana. Amevaa suti ambayo nina hakika baba hakuwahi kuwa nayo. Ana masharubu membamba. Paji la uso linang'aa, nywele zimeanza kurudi nyuma. Na macho yamelegea kama ya mtu aliyekatishwa usingizi.

"Mnaona?" alisema baba mdogo. "Mnaona wenyewe? Damu haipotei!"

Walimgeukia yule mgeni. Shemeji mmoja alilia. Mwanamke wa jirani alimshika mgeni shavu akaligeuza kuelekea kwenye fremu, akaligeuza tena, kama anayekagua parachichi sokoni. Na mgeni mwenyewe alikuwa analia kwa sauti ya chini, amekaza macho kwenye ile picha. Sikuwahi kumwona mtu akitazama kitu namna hiyo. Nikasema, huyu anajua kuigiza.

Mama alikohoa. "Mimi nataka kusema," alianza.

"Subiri kidogo, waitu," baba mdogo akamwambia kwa heshima, "kwanza tumalize hili la picha." Na kahawa ikaletwa, zile buni za kutafuna anazopewa mgeni, na yule wa kisiwani akapewa kwanza kabisa, na hili la picha likachukua mchana wote.

Nitasema ukweli. Hata mimi niliipenda ile picha. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijaribu kuweka uso juu ya lile koti lenye harufu ya samaki, na sasa uso ulikuwepo, unanitazama. Niliipiga kwa simu yangu kabla ya kuondoka. Njiani kurudi Bukoba nikawa naitoa kwenye mkoba, naitazama, naificha. Nilikuwa na hasira na picha ambayo sikuweza kuacha kuitazama.

Juma lililofuata nilirudi Muleba kumwona mama. Nilikuta ile fremu imegeuzwa ukutani.

"Nani kaigeuza?" nikauliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha. "Baba yenu huwa ananijia usingizini. Si mara nyingi, lakini huja. Tangu hii picha iingie humu, anakuja mtu mwingine. Ana suti." Akatupa ganda kwenye ungo. "Na baba yenu hakuwa na upara."

Hasira ikanipanda. Walikuwa wamempora mama hata kile kidogo alichobaki nacho. Nikajiambia nitamjua aliyefanya hivi, na nilikuwa na uhakika kwamba nyuma ya fundi aliyetengeneza picha ile kuna mtu wa kisiwani mwenye macho ya usingizi.

Duka la fundi, ambalo muhuri wake niliuona nyuma ya ile fremu iliyogeuzwa, liko mjini Bukoba, kwenye mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi, chumba chembamba chenye kompyuta mbili, skana, mashine ya kuchapa, na ukuta mzima wa marehemu. Wote wamenyooka, wote ngozi laini, wote wamevaa suti. Hilo peke yake lilinitosha. Kagera nzima haina wanaume wengi hivyo wenye suti.

Fundi alikuwa kijana wa maneno mengi, mwenye miwani juu ya kichwa. Nilijitambulisha kuwa ni mwalimu na mtoto wa marehemu, nikamwonyesha ile picha kwenye simu yangu, nikamuuliza kama ni kazi yake.

"Hiyo ni yangu," akasema kwa fahari. "Ilitoka vizuri, siyo?"

"Uliipata wapi hii sura?"

Alicheka kidogo, akaona mimi sicheki, akaacha. Akafungua kompyuta, akanionyesha kile alicholetewa. Ilikuwa ile miraba. Akaikuza mpaka ikajaa skrini, na baba yangu akatoweka kabisa, zikabaki rangi.

"Tazama, mwalimu. Uso wote huu una nukta kama arobaini kutoka sikio hadi sikio. Jicho ni nukta tano, sita. Halafu imebanwa mara nyingi, ndiyo maana unaona vijiraba. Picha ikitumwa kwa simu inabanwa ili iwe nyepesi, na kinachotupwa kwanza ni vile vitu vidogo, mikunjo, kope, mstari wa mdomo. Mtu akipiga skrinshoti, akakata, akatuma tena, inabanwa upya. Vikishatupwa havirudi."

"Lakini wewe umevirudisha."

"Sijavirudisha. Hii programu ya akili mnemba imebuni. Imejifunza kwa nyuso nyingi za watu, sasa ukiipa ukungu inakupa uso unaoweza kukaa ndani ya ule ukungu. Uso mmojawapo."

Nikamwambia simwelewi, ingawa nilianza kumwelewa. Akasema nitamwelewa. Akaweka ile miraba peke yake, akaandika maneno machache, akabonyeza. Tukasubiri. Akatokea mwanaume. Akabonyeza tena, bila kubadilisha chochote. Akatokea mwanaume mwingine, mwenye mashavu. Mara nyingine, mwembamba, mwenye pua ndefu. Tena, mzee kidogo. Akawapanga wanne kwenye skrini. Wote walikuwa wazuri, wote wananitazama kwa upole, na ukiwapunguza wakawa wadogo na wenye ukungu, kila mmoja alilingana na ile miraba sawasawa.

"Yupi ni baba yako?" akaniuliza.

Niliwatazama wale wanaume wanne kwa zamu. Ilinichoma, kwa sababu kweli sikujua. Wangeweza wote kupita barabarani na baiskeli zao nisimwite hata mmoja.

Kisha nikauliza lililonileta. "Na masharubu?"

Akaonyesha kijiraba cheusi chini ya pua. "Kivuli. Mashine ikadhani ni nywele." Na upara? Akaonyesha doa jeupe. "Aliyepiga hii alipiga juu ya kioo. Huo ni mwanga wa dirisha. Mashine haijui dirisha ni nini, inajua paji la uso linalong'aa."

"Na macho?"

Hapo akavuta miwani ikashuka puani. "Macho niliyatoa kwa mwanawe."

Nikasema moyoni, nimekushika. Ukiona vyaelea, vimeundwa. "Alikuja mwenyewe kukupa picha yake? Mrefu, wa kisiwani?"

"Alikuja, lakini hakusema kitu, alikaa pale mlangoni. Aliyeongea ni mzee. Ana kofia ya kitambaa. Picha ikiwa mbovu hivi huwa nawauliza wateja wote, kuna ndugu anayefanana na marehemu? Nikipata picha yake safi naiweka pamoja na hii, mashine inachukua kwake kile kinachokosekana huku. Wateja wanapenda hivyo, inatoka na sura ya nyumbani. Yule mzee akasema, tumia ya huyu kijana, wanasema ni mtoto wake. Nikampiga picha pale pale kwenye kiti."

Kofia ya kitambaa. Baba mdogo.

Fundi alidhani simwamini, akaniambia nikae kwenye kiti. Kabla sijakataa alikuwa ameshanipiga picha. Akaniweka pamoja na ile miraba, akabonyeza, na kwenye skrini akatokea mwanaume mwenye uso wangu. Pua yangu pana, kidevu changu, na hili kunjo la katikati ya nyusi ambalo wanafunzi wangu wanaliogopa. Baba yangu, aliyefanana nami kuliko mtoto yeyote duniani.

Nililia mbele ya mtu nisiyemjua. Si kwa sababu niliamini. Nililia kwa sababu nilijua ni uongo na bado nilitaka kuichukua niondoke nayo.

Fundi alinipa karatasi ya kujifuta, akanitumia ile picha kwenye simu. Kisha akaniambia, "Mwalimu, kama kuna picha yenyewe, ya karatasi, niletee. Usinitumie kwa simu. Niletee kwa mkono."

Shangazi anakaa Kitendaguro, na ana desturi ya kutompa mtu kitu bila kwanza kumlisha. Nilikula ndizi na maharage, nikasikiliza habari za magoti yake, ndipo akaishusha ile fremu. Tuliifungua kwa kisu. Picha ilikuwa imegandamana na kioo kwenye kona moja, kwa bahati si kona ya baba. Nilimuuliza shangazi baba alifananaje. Akafikiri.

"Alikuwa na mwendo wa haraka," akasema. "Hakutulia. Hata hapo mpiga picha alimgombeza."

Fundi aliiweka kwenye skana, akaichukua kwa ukubwa ambao mashine ilichelewa kuumaliza. Kisha akaikuza. Nyuso za mstari wa mbele zilitoka safi mno. Nilimwona shangazi akiwa bibi harusi, na uzi uliofumuka kwenye shela yake. Fundi akaburuza picha kuelekea pembeni, kwenye baiskeli.

Hakukuwa na miraba. Lakini uso wa baba ulikuwa umevutika upande, kama rangi iliyopanguswa na kitambaa ikiwa mbichi. Aligeuza kichwa wakati kamera inabofywa. Pengine kuna aliyemwita. Fundi alijaribu hiki na kile, akasema ukweli kwamba hapa skana haina la kufanya; filamu yenyewe ndivyo ilivyomwona. Kilichokosekana kwenye simu kingeweza kupatikana kwenye karatasi. Kilichokosekana kwenye karatasi hakipo popote.

Nilikuwa nimeshachukua mkoba wangu niondoke. Ndipo nilipoona mkono. Kichwa kiligeuka lakini mkono ulikuwa umetulia juu ya kiti cha baiskeli, na umetoka wazi kabisa, mpaka kucha, mpaka mshipa. Kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja, hakikunyooka pamoja na wenzake. Nikakijua. Baba mdogo ana kidole kama hicho, nimekiona tangu utoto kikishika kata ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilikuwa siku zote nadhani kilivunjika.

Niliomba mkono huo uchapwe peke yake, mkubwa. Nikauweka kwenye bahasha kama mtu anayebeba hukumu.

Jumapili tulikutana Muleba. Nyasi mpya zilikuwa zimetandikwa sebuleni. Walikuwepo baba mdogo, shemeji, majirani wale wale, mama kwenye kigoda chake, na mgeni pale pale karibu na mlango. Fundi wa vigae alikuwa anasubiri majina. Nikasimama na kuongea kama ninavyoongea darasani.

Nikaeleza ile picha imepatikanaje. Nikamuuliza baba mdogo kama si yeye aliyesema tumia ya huyu kijana. Akakubali bila wasiwasi.

"Si nilidhani anamsafisha tu?" alisema. "Kama unavyofuta vumbi kwenye kioo. Kijana alikuwa wa kumsaidia kuona."

"Baba mdogo, ulimpa fundi uso wa mtu, akakurudishia uso huo huo, wewe ukaja kutuambia damu haipotei."

Yule wa kisiwani aliinamisha kichwa. "Sikujua, dada," akasema. "Nilidhani namwona." Alisema hivyo tu, na kama ningekuwa mtu mwema ningeishia hapo.

Lakini nilikuwa na bahasha. Nikauonyesha mkono. Baba mdogo alipouona alivua kofia. Akainua mkono wake wa kulia polepole, akauweka kando ya picha, na kidole kikakunjika sawasawa na kile. Akasema kwamba baba yao alikuwa nacho, na kaka yao mkubwa pia. Watu wakapumua. Hii haikuwa imebuniwa na mashine yoyote. Nikamgeukia mgeni.

"Tuonyeshe mkono wako."

Aliunyoosha. Mkono wa mtu wa kazi, umekauka kwa maji na chumvi ya samaki. Vidole vyote vilikuwa vimenyooka kama penseli.

Shemeji alitazama chini. Yule mtu alibaki amenyoosha mkono hivyo hivyo, kama mtoto anayesubiri fimbo, na mimi, sitaficha, nilifurahi. Nilifurahi kwa kama pumzi mbili.

"Na wewe," mama akasema kwa Kihaya, kutoka kwenye kigoda chake.

Sikumwelewa. "Mimi nini?"

"Tuonyeshe wako."

Niliutazama mkono wangu ulioshika ile picha. Vidole hivi nimeishi navyo maisha yote, nimeshikia chaki, nimenyooshea watoto wa watu. Vimenyooka, vyote, hata hiki cha mwisho. Nilivinyoosha zaidi, nikavilegeza, kana kwamba kimoja kingenionea huruma kikajikunja. Na cha dada yangu wa Mwanza pia nakijua, kimenyooka.

Mama alisubiri mpaka nikaketi.

"Alipokuwa anaumwa," akasema, "baba yenu aliniambia kuna mwanamke kisiwani na kuna mtoto wa kiume. Aliniomba, akija siku moja, nisimfukuze. Nilikasirika sana. Nikamwambia atajifia na hasira yangu. Akafa." Aliokota jani kavu kwenye sketi yake. "Hasira iliisha. Mtoto hakuja. Sasa amekuja."

"Mama," nikasema, na sauti ilinitoka kama ya mwanafunzi. "Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Hamkuniuliza. Mliiuliza picha."

Majina matatu yaliandikwa. Juu yake, kwenye kigae, tuliweka kipande cha ile picha ya harusi kama kilivyo: mtu aliyegeuza kichwa, uso umepanguswa, mkono umetulia juu ya baiskeli. Fundi wa vigae aliniuliza mara mbili kama sina nzuri zaidi. Ile ya fremu ya dhahabu mama alimpa mdogo wangu arudi nayo kisiwani, akamwambia aitunze, atakuja kufanana nayo akizeeka. Ile nyingine, ya baba mwenye uso wangu, niliifuta kwenye simu. Mama anasema yule mwenye suti ameacha kumjia usingizini, ila baba naye hajarudi bado.